Siku ile porti itakapowashwa

"Kaka, porti zote zisizo na mtu nimeshazizima. Sasa kuzihamishia VLAN 999 ni kazi ya nini tena? Iliyozimwa si imezimwa?"

Hivyo ndivyo alivyoniuliza fundi mmoja kijana, kuhusu VLAN 999, ile VLAN tupu ninayoegeshea porti zisizotumika. Kwa leo, imezimwa kweli. Porti iliyoandikiwa `shutdown` haiwashi taa wala haitoi umeme wa PoE, na mgeni akichomeka laptopu kwenye tundu la ukutani, ni sawa na kuchomeka kwenye tofali. Hakuna ujanja wa upande wa ukutani utakaoiamsha. Ili iwake lazima mtu aingie kwenye swichi yenyewe, na mtu huyo, mara nyingi, ni sisi wenyewe mafundi.

Hapo ndipo ninapoachana na huyu kijana. `shutdown` ni mstari mmoja, na unafutwa kwa mstari mmoja. Chukua ofisi ya ghorofa tatu, saa kumi na moja jioni. Mhasibu amehamishiwa chumba kingine na anataka mtandao kabla hajafunga mahesabu. Tundu lake ukutani limeandikwa 2-17, basi fundi anaingia kwenye swichi ya ghorofa ya pili, anafungua `Gi1/0/17` na kuandika `no shutdown`. Mtandao hauji. Anashuka kwenye raki, anafuata waya kwa kidole, anakuta tundu la 17 kwenye pachi paneli limeunganishwa na porti ya 19. Aliyefunga mwanzoni aliruka mbili na hakuandika popote. Anawasha 19, mhasibu anashukuru, fundi anawahi daladala. Porti ya 17 imebaki wazi.

Waya wa porti ya 17 unaishia chumba cha wageni, nyuma ya sofa. Miaka mitatu iliyopita chumba hicho kilikuwa cha malipo, na porti ilipozimwa hakuna aliyegusa VLAN yake. Bado ni VLAN 20, ya uhasibu. Mgeni anayesubiri miadi akichomeka laptopu, DHCP inampa anwani ndani ya sekunde chache, na yuko sebule moja na kompyuta zinazolipa mishahara. Wala swichi haitalalamika, kwa sababu kwa hesabu zake porti ya uhasibu imepata mteja wa uhasibu.

Porti ambayo haijawahi kutumika nayo si salama zaidi. Swichi za Cisco zikitoka kwenye boksi, porti zote ziko VLAN 1 na zote ziko wazi. Na ofisi nyingi, kwa uvivu ambao mimi pia nimewahi kuufanya, zimeweka anwani za kusimamia swichi zenyewe hapohapo VLAN 1.

Sasa rudia kosa lile la saa kumi na moja, ila porti ikiwa imeegeshwa hivi:

```
interface Gi1/0/17
 switchport mode access
 switchport access vlan 999
 switchport nonegotiate
 shutdown
```

Fundi amekosea vilevile na taa inawaka, lakini laptopu ya mgeni inapoomba anwani, hakuna wa kumjibu. Inajipa yenyewe ile ya 169.254 na safari inaishia hapo. Mstari wa `switchport mode access` usiuone mdogo: bila huo, porti nyingi za Cisco ziko tayari kukubaliana na kifaa cha upande wa pili kuwa tranki, na kwenye tranki VLAN uliyoiegeshea haikulindi tena.

Masharti ya hiyo 999 ni kwamba iwe maiti kweli. Isiwe na anwani kwenye rauta, isiwe na DHCP, na iondolewe kwenye tranki zote kwa `switchport trunk allowed vlan remove 999`. Tranki ikiachwa ilivyo hubeba VLAN zote, hivyo tundu lililofunguliwa kimakosa ghorofa ya pili litasikilizana na lililofunguliwa ghorofa ya tatu. Hata ndani ya swichi moja, porti mbili zilizoegeshwa zikiwashwa zitaongea zenyewe kwa zenyewe, na kama hilo linakusumbua kuna `switchport protected`.

Faida ninayoipenda zaidi, na ambayo sisikii ikitajwa, iko kwenye `show interfaces status`. Ukizima tu, porti iliyofunguliwa kwa bahati mbaya inafanana na porti halali; iko VLAN 20, imeandikwa `notconnect`, kama ya mfanyakazi aliye likizo. Huwezi kuijua. Ukiwa umeegesha, kila mstari wenye 999 lazima usome `disabled`. Ukiona 999 na `notconnect`, mtu ameondoa `shutdown` na kusahau. Ukiona 999 na `connected`, inuka ukaangalie nyuma ya sofa.

Wapo wanaosema kinyume: egesha tu, usizime, ili mtu akichomeka uone taa na anwani ya MAC yake kwenye swichi. Hoja ina ukweli, maana porti iliyozimwa haikwambii nani kaijaribu. Ila faida hiyo ni ya ofisi yenye mtu wa kusoma kumbukumbu za swichi kila siku, na hapo pia ulinzi wote unabebwa na hiyo 999 peke yake. Wengine wanasema chomoa waya kwenye pachi paneli, maneno yaishe. Mahali raki ina nafasi na waya zimeandikwa, nakubali bila ubishi. Mahali waya zote zilichomekwa siku ya kwanza na sasa zimesokotana kama tambi, kuchomoa mmoja ni kuhatarisha watano.

Pingamizi zito ni la watumiaji. Mtu aliyehamishwa meza akiambiwa asubiri tiketi hadi kesho, atanunua swichi ndogo ya matundu matano, aifiche chini ya meza kwenye porti inayofanya kazi, na sasa una matundu usiyoyajua kabisa. Kadhalika, mgeni mwenye nia mbaya hahitaji tundu tupu. Anachomoa printa na kuchomeka yake. Kuegesha hakugusi hilo hata kidogo. Hiyo ni kazi ya 802.1X, inayodai kila kifaa kijitambulishe kabla ya kupewa mtandao, na ofisi nyingi hazijafika huko. Lakini sioni kwa nini tundu lisilo na mtu lisubiri mpaka lenye printa litibiwe.

Kosa moja nililiona kwenye ofisi ambayo sitaitaja, na kosa lilikuwa la kwangu. Niliegesha na kuzima porti ghorofa nzima, kazi ya mchana kutwa, nikaondoka bila `copy running-config startup-config`. Wiki hiyo umeme ulikatika usiku, betri ya dharura ikaisha, na swichi iliporudi ilisoma mpangilio wa zamani. Porti zote zikawa wazi. Hakuna aliyelalamika, kwa kuwa mtandao ulikuwa unafanya kazi vizuri kupita kiasi. Niligundua baada ya miezi miwili, nilipokuwa natafuta kitu kingine.

Kijana aliyeuliza aliegesha zake Jumamosi, akahifadhi. Alhamisi iliyofuata aliniletea picha ya skrini: mistari yote ya 999 inasoma `disabled`, isipokuwa miwili iliyoandikwa `notconnect`. Alipoangalia kitabu cha tiketi, akakuta zote mbili alizifungua yeye.