Kuni zinazopotelea kwenye vali iliyofunguliwa nusu

Mwenye kiwanda kidogo cha mawese mkoani Kigoma anapoona kuni zinaisha haraka, kwa kawaida huilaumu boila, na mara nyingi hushauriwa anunue nyingine. Lawama hiyo ina haki yake kiasi, kwa sababu joto jingi linalopotea kwenye boila yenyewe hutoka na moshi, na kila nyuzi 20 hivi zinazoongezeka katika joto la moshi huondoa takriban asilimia moja ya ufanisi. Mirija ikisafishwa masizi na kuni zikakaushwa vizuri, hasara hiyo hupungua. Hata hivyo, maoni yangu ni kwamba katika viwanda vyetu hasara inayostahili kutafutwa kwanza iko mbali na tanuru, mwishoni mwa mabomba, mahali palipopaswa kuwa na trapu ya mvuke, yaani kifaa kinachotoa maji na kuuzuia mvuke, na badala yake pamefungwa vali ya kawaida iliyoachwa wazi nusu.

Hasara hii huendelea kwa miaka bila kuonekana kwa sababu ufanisi wa boila hupimwa kwa kulinganisha joto la kuni na joto la mvuke unaotoka kwenye boila. Mvuke huo ukishapita vali kuu huhesabiwa kuwa umefanya kazi, hata kama nusu yake inamwagwa mtaroni. Boila inaweza kupimwa, ikaonekana nzima, na kiwanda kikaendelea kula kuni kama kawaida. Mkaguzi wa OSHA naye huja kuangalia usalama wa chombo, na hiyo ni kazi yake. Hesabu ya kuni si yake. Kwa hiyo mimi huuliza swali jingine kabisa: ni kilo ngapi za kuni zimetumika kwa kila pipa la mafuta?

Tuchukue tangi la kuchujia mafuta, ambalo hupashwa moto kwa koili ya mvuke iliyozama ndani yake. Kilo moja ya mvuke wenye presha ya ba 3 kwenye geji ina joto la takriban kilojuli 2,740, na kati ya hizo kama 2,130 ni joto fiche, yaani lile linaloachiliwa mvuke unapogeuka kuwa maji. Joto hilo ndilo linalotakiwa na tangi. Kazi ya trapu ni kuuzuia mvuke ndani ya koili hadi uwe maji, kisha kuyatoa maji hayo pamoja na hewa, na kufunga tena.

Vali iliyofunguliwa nusu haiwezi kufanya kazi hiyo, hata ikisimamiwa na fundi hodari. Asubuhi, tangi likiwa baridi, mvuke hugeuka maji kwa wingi na tundu la vali linapaswa kuwa kubwa. Saa mbili baadaye mafuta yamekwisha kupata moto, maji yamepungua sana, na tundu lilelile sasa linapitisha mvuke. Ili vali ifae, mtu angelazimika kusimama pale kutwa nzima akiizungusha. Hakuna anayefanya hivyo, na kwa kuwa tangi baridi huleta malalamiko upesi kuliko kuni zinazopotea, vali huachwa wazi zaidi ya inavyohitajika.

Nilipoalikwa kwenye kiwanda kimoja cha namna hiyo, mwenyewe alisema kwamba kinachotoka bombani ni maji ya moto tu. Tulilipima jambo hilo kwa pipa na mizani. Tulitia kwenye pipa kilo 60 za maji yenye nyuzi 25, tukaingiza ndani yake bomba la kutolea maji ya koili kwa dakika 6, kisha tukatoa bomba, tukapima tena. Uzito ulikuwa kilo 66 na joto nyuzi 49. Kama zile kilo 6 zingekuwa maji matupu yaliyotoka kwenye presha ya ba 3, pipa lingefika nyuzi 36 hivi, si zaidi. Joto la ziada lingeweza kuletwa na mvuke peke yake, na ukipiga hesabu unakuta kwamba zaidi ya robo ya kilichotoka, takriban asilimia 28, kilikuwa mvuke ambao haujafanya kazi yoyote. Kwa saa moja hiyo ni kama kilo 17 za mvuke. Anayetaka kulirudia jaribio hili aanze na maji baridi na kuvaa glavu, na asiache bomba ndani ya pipa boila inapozimwa, kwa maana koili ikipoa huweza kuyavuta maji ya pipa.

Kilo moja ya kuni zilizokauka kwa hewa hutoa megajuli 15 hivi, na boila ndogo yenye ufanisi wa asilimia 60 huzigeuza kuwa karibu kilo 3.4 za mvuke. Vali ile moja, basi, ilikuwa inakula kilo 5 za kuni kila saa. Kwa siku ya saa 10 za kazi ni kilo 50, na kwa mwezi wa siku 25 ni zaidi ya tani moja. Wapo wanaojibu kwamba wao huchoma makapi na maganda ya kokwa za chikichi, ambayo hayanunuliwi. Jibu hilo halinitoshi, kwa sababu mvuke unaovuja hupunguza presha ya chombo cha kuchemshia mikungu, na mikungu isiyoiva vizuri huondoka na mafuta yake.

Kuweka trapu hakumalizi habari, kwa sababu trapu nayo huharibika, na kuna kosa la kuihukumu kwa macho. Maji ya ba 3 yana nyuzi zipatazo 143, kwa hiyo yanapotoka hewani sehemu yake hugeuka mvuke papo hapo hata kama trapu ni nzima kabisa. Mvuke huo ni mweupe, mlegevu, na hutoka pamoja na maji. Mvuke hai, yaani ule ambao bado haujageuka maji, unapovuja hutoka kwa nguvu, na karibu na mdomo wa bomba huacha pengo lisiloonekana kitu kabla ya weupe kuanza. Kupima joto la bomba baada ya trapu hakusaidii sana, kwa kuwa katika hali zote mbili hukaribia nyuzi 100.

Trapu ikikwama ikiwa imefungwa, koili hujaa maji, tangi hupoa na mabomba huanza kugonga. Mara nyingi sababu ni chujio lililo mbele ya trapu, ambalo limeziba kwa kutu. Hapo ndipo mwendeshaji hufungua vali ya pembeni ili kazi iendelee, na vali hiyo haifungwi tena. Nadhani hivi ndivyo desturi yote ilivyoanza. Kwa koili ya tangi ningechagua trapu ya boya yenye kitoa hewa, kwa sababu hufuata wingi wa maji yanayokuja na kutoa hewa iliyomo kwenye koili asubuhi.

Maji safi ya koili yanafaa kurudishwa kwenye tangi la maji ya boila, kwani kila nyuzi 6 zinazoongezeka pale huokoa karibu asilimia moja ya kuni. Maji ya chombo cha kuchemshia mikungu yasirudishwe kamwe, kwa kuwa yana mafuta, na mafuta ndani ya boila huleta povu na kuifanya mirija ipate moto kupita kiasi. Vilevile, maji yakizidi nyuzi 80 hivi, pampu huanza kutoa kelele na kushindwa kuvuta, kwa hiyo tangi hilo liinuliwe juu ya pampu kabla ya bomba la kurudishia kuunganishwa.