Neemax, Neemah, na Neema Aliyekosa Nini?

Vibao vya maduka ya Kirumba, Mwanza, siku hizi vinachosha macho. Neema kageuka Neemax, Baraka kaongezewa H, na ukiuliza unaambiwa namba ya bahati ndiyo iliyotaka, yaani kila herufi ya jina inapewa namba, zinajumlishwa hadi ibaki tarakimu moja. Sawa, anayeamini namba aamini. Ila kama ni hesabu, basi ipigwe vizuri.

Jedwali linalotumika zaidi linapanga A hadi I kuwa 1 hadi 9, J hadi R tena 1 hadi 9, kisha S hadi Z ni 1 hadi 8. NEEMA ni 5+5+5+4+1, jumla 20, na 2+0 ni 2. Mwenye duka la dagaa hataki 2. Anataka 8, namba ya pesa na mamlaka. Hapo mtaalamu anatafuta herufi yenye thamani ya 6, nazo ni F, O na X. Basi tumepata Neemax, jina zuri kabisa la dawa ya mafua.

Tatizo ni mteja. Jina analisikia kwa mdomo, kisha anapolipa kwa simu linatokea Neemax. Anasita na kuuliza kama namba ya malipo ni yenyewe, huku foleni inamsubiri. H haina afadhali: NEEMAH ni 28, halafu 10, halafu 1. Na anayefuta E moja anapata NEMA, 15, yaani 6, ila neno lenyewe ameliua.

Kwa nini uchokonoe tahajia wakati unaweza kuongeza neno la pili? NEEMA ina 20, kwa hiyo tafuta neno ambalo jumla yake ikipunguzwa inabaki 6. Jaribu ZIWA: 8+9+5+1 ni 23, yaani 5, haifai. Jaribu MWALONI, jina la soko la hapo Kirumba: 4+5+1+3+6+5+9 ni 33, yaani 6. Neema Mwaloni ni 53, na 5+3 ni 8. Kila mtu analiandika bila kuuliza, na linamwambia mteja uko wapi. Ukihamia Igoma, shauri yako.

Chagua jedwali moja ubaki nalo. Lile jingine, la Wakaldayo, haliipi herufi yoyote 9, na M, W, A, L, O, N, I zinakuwa 4, 6, 1, 3, 7, 5, 1, jumla 27. Ukijumlisha na 20 za Neema unapata 47, kisha 11. Wengine wanaishia hapo kwa heshima ya 11, wengine wanashuka hadi 2. Kuruka kutoka jedwali hili kwenda lile mpaka upate unachotaka ni kujidanganya kwa kalamu.

Na hesabu jina zima kabla ya kulipeleka BRELA, maana jina likishasajiliwa na mwingine hata 8 haikusaidii. Kisha msimamie fundi wa kibao. Akiongeza “Duka la” kwa ukarimu wake, umeongeza 14: 53 inakuwa 67, halafu 13, halafu 4. Hiyo 4 ndiyo wataalamu wenyewe wanaiita namba ya jasho.