Kuta za Juu Hazizishiki Nguzo za Chini

“Injinia, nina jengo la maduka chini na vyumba vya kupanga juu, hapa Kisumu. Kuta za juu zote ni za mawe, zimejaa mpaka chini ya boriti. Nguzo za chini nisome K kwenye chati ya fremu iliyozuiwa kuyumba au kwenye ile ya fremu inayoyumba? Mkaguzi wa michoro anasema chati zote mbili zimepitwa na wakati, niiachie kompyuta.”

K, yaani ile namba tunayozidisha na urefu wa nguzo kupata urefu wa kukokotolea, isome kwenye ile ya fremu inayoyumba. Mkaguzi wako ana hoja ya kweli, nami nitaifikia, lakini tuanze na hesabu, kwa maana ndiyo inayoonyesha mahali ambapo uamuzi wako una uzito.

Nimechukua jengo la kawaida la mtaani kwetu: nguzo 12 zilizopangwa mita 5 kwa mita 5, slabu tatu ukihesabu ya paa. Nguzo ni 300 kwa 300 mm, boriti ni 200 kwa 450 mm pande zote mbili. Ghorofa ya maduka ina mita 4.2 kutoka juu ya msingi hadi katikati ya boriti, na za juu zina mita 3.0. Nguzo ya katikati inabeba kama kN 900.

Chati inataka namba moja kwa kila ncha ya nguzo, ambapo I ni kipimo cha jinsi umbo la mkato linavyokataa kupinda, na L ni urefu:

G = Σ(I/L) ya nguzo ÷ Σ(I/L) ya boriti

Kwenye kiungo cha juu cha nguzo yetu ya katikati zinakutana nguzo mbili, ya mita 4.2 na ya mita 3.0, pamoja na boriti mbili za mita 5. Ukitumia I ya zege zima lisilo na ufa, unapata G ya 0.64. Lakini boriti hupasuka mapema kuliko nguzo, kwa hiyo kanuni za Marekani za zege hubakiza 0.35 ya I ya boriti na 0.70 ya nguzo. Uwiano unakuwa mara mbili, na G inafika 1.27. Chini, ukiamini kwamba msingi umeishika nguzo barabara, mazoea ni kuweka G = 1.0, si sifuri, kwa sababu hakuna msingi usiozunguka hata kidogo. Usipoamini hivyo, unaweka 10.

Sasa weka rula. Chati ina mistari mitatu ya wima: G ya ncha moja kushoto, G ya ncha nyingine kulia, na K katikati. Rula ikigusa 1.27 na 1.0, fremu iliyozuiwa inakupa K ya 0.79, na inayoyumba inakupa 1.38. Viungo ni vilevile, boriti ni zilezile, na bado majibu yamepishana hivyo.

Sababu iko katika namna boriti inavyojipinda. Katika fremu iliyozuiwa, ncha mbili za boriti huzunguka kwa kuelekeana, nayo hujikunja kama upinde mmoja. Katika fremu inayoyumba, ncha zote mbili huzunguka upande mmoja, na boriti huchukua umbo la S. Ile ya S ina ukakamavu mara tatu zaidi, kwa hiyo boriti inafanya kazi kubwa kuliko ilivyofanya mwanzo. Tatizo ni kwamba kichwa cha nguzo sasa kinahama kwenda kando, na mhamo huo boriti haiwezi kuufuta, inaweza kuupunguza tu. Ndiyo maana K ya fremu iliyozuiwa haipiti 1.0, na ya fremu inayoyumba haishuki chini ya 1.0, hata ungejaza boriti za ukubwa gani.

Mzigo wa kuihini nguzo, yaani kuipinda kando ghafla, unapungua kwa kipeo cha pili cha K. Kutoka 0.79 hadi 1.38 umepoteza theluthi mbili za uwezo huo. Linganisha na ule wasiwasi wa nyufa unaotuchukulia muda mwingi ofisini: G ya 0.64 ingetoa K ya 1.28 badala ya 1.38. Ni tofauti ya kuheshimu, ila ni ndogo. Kinachoamua ni swali la kuyumba, halafu msingi.

Kuhusu kuyumba, wanaotetea kuta za mawe hawasemi upuuzi. Ukuta wa mawe uliojazwa vizuri ndani ya fremu ni mkakamavu kuliko nguzo zenyewe, na upepo ukija ni ukuta unaopokea kwanza. Majengo mengi kuanzia Kondele hadi Nakuru yamesimama miaka mingi yakisaidiwa na kuta ambazo hakuna aliyezihesabu. Ukizipuuza kabisa, nguzo zinanenepa, vyuma vinaongezeka, na mwenye jengo analipia nguvu ambayo tayari anayo ukutani. Kwa ghorofa za juu za jengo lako nakubali kwamba fremu haitayumba sana.

Ila maduka yako chini. Mbele kuna milango ya chuma ya kuviringisha, nyuma kuna stoo, na kati ya duka na duka kuna ukuta mwembamba unaojengwa baada ya mpangaji kupatikana. Ghorofa ambayo nguzo zake ndizo ndefu kuliko zote na zimebeba mzigo mkubwa kuliko zote ndiyo isiyo na kuta. Kuta za juu haziisaidii hiyo ya chini, zinaifanya sehemu ya juu iwe kama sanduku gumu linalohama lote kwa pamoja juu ya miguu myembamba.

Halafu kuna ile nafasi chini ya boriti. Nimesimama kwenye mjengo mmoja nikamwona fundi akimaliza ukuta: mstari wa mwisho wa mawe haukuingia, akabakiwa na upenyo wa vidole viwili, akausukumia mota kwa mwiko kutoka upande mmoja. Kwa macho ukuta umejaa. Ukichoma waya unaingia mpaka katikati bila kugusa kitu. Ukuta wa namna hiyo unaanza kuishika fremu baada ya fremu kuhama, nasi tulitaka uizuie isihame. Na mpangaji akitaka duka kubwa, ukuta unavunjwa Jumamosi na injinia haulizwi.

Usiniamini kwa maneno, pima. Sukuma ghorofa ya chini kwa nguvu ya kando ya kN 100 ukitumia ukakamavu uliopunguzwa kwa nyufa. Kwa nguzo hizi 12 zisizo na msaada wa ukuta, napata mhamo wa kama mm 10. Jumla ya mzigo wa wima ni kN 5,400. Zidisha mzigo kwa mhamo, gawanya kwa nguvu ya kando mara urefu wa ghorofa:

Q = (5400 × 10) ÷ (100 × 4200) = 0.13

Kanuni za Marekani hukubali ghorofa kuitwa iliyozuiwa pale Q isipozidi 0.05. Sisi tumepita mara mbili na nusu. Kwa BS 8110, kanuni ya Uingereza ya zege ambayo wengi wetu tuliisomea, urefu wazi wa mita 4.0 kwa K ya 0.79 unatoa uwiano wa 10.5 dhidi ya upana wa nguzo. Hiyo ni chini ya 15, kwa hiyo ungeiita nguzo fupi na kufunga daftari. Kwa 1.38 uwiano ni 18.4, na kikomo cha fremu isiyozuiwa ni 10. Nguzo ileile sasa ni nyembamba, na inadai momenti ya ziada inayotokana na mhamo wa kama mm 51, yaani karibu kNm 46 kabla ya upunguzo wowote ambao kanuni inaruhusu. Kwenye hesabu ya kwanza momenti hiyo haikuwepo kabisa.

Msingi nao uangalie kwa jicho kali, hasa kama kiwanja chako kiko upande wa tambarare ya Kano. Ule udongo mweusi huvimba mvua ikinyesha na kupasuka wakati wa kiangazi. Msingi wa pedi uliokaa juu yake unazunguka, na G ya 1.0 haujaistahili. Weka 10, na chati inakupa K ya 1.97. Momenti ya ziada inaruka hadi karibu kNm 93. Hapa ndipo naona chati inashinda jedwali fupi la BS 8110, ambalo kwa nguzo hii lingekupa 1.2 msingi ukiwa umeshika na 1.6 usiposhika, bila kukuuliza boriti zako zina urefu gani, na kuhusu kina likiuliza tu kama kinafikia upana wa nguzo. Boriti ya chini inayounganisha misingi pande zote mbili hubadilisha hali hiyo, kwa sababu sasa una kiungo halisi ambacho G yake unaikokotoa.

Mkaguzi wako sasa. Chati hizi, zilizoandaliwa na Julian na Lawrence mwaka 1959, zimesimama juu ya dhana ambazo jengo lako halizitimizi: kwamba nguzo zote za ghorofa zinahiniwa kwa wakati mmoja, na kwamba boriti hazina mgandamizo. Nguzo zako za kona zimebeba robo ya mzigo wa zile za katikati, kwa hiyo zina akiba na zitawashika wenzao. Chati haioni hilo, na kwa nguzo ya katikati inakuwa kali kupita kiasi. Kinyume chake pia hutokea: ukiwa na nguzo zilizounganishwa kwa bawaba, zinaegemea wenzao, na hapo chati inakudanganya kwa upande wa hatari. Uchambuzi wa kompyuta unaohesabu mzigo juu ya umbo lililokwisha kuhama huyaona yote mawili.

Lakini kompyuta inaona ulichoiambia. Ukiacha I ya zege zima, misingi ikiwa imefungwa kabisa, na K ya 1.0 iliyokuja na programu, utapata ripoti ya kurasa nyingi iliyo dhaifu kuliko rula na penseli. Kwa hiyo fanya uchambuzi huo kama anavyotaka, kwa I iliyopunguzwa na msingi wenye springi, kisha weka kando yake K ya chati. Momenti za kompyuta zikiwa ndogo kidogo, ni zile nguzo za kona zinazosaidia. Zikiwa ndogo mno, rudi ukaangalie msingi ulivyoingizwa.

Na kama mwenye jengo hataki nguzo nene, mpe njia nyingine kabla hajamwaga zege. Kuta mbili za zege za urefu wa mita 2.5 na unene wa mm 200 kwa kila uelekeo, pembeni mwa ngazi na kwenye ukuta wa nyuma, hufikisha kwa ghorofa hiyo ukakamavu wa takriban mara 12 ya nguzo zote, kipimo ambacho kanuni za Marekani hukikubali kwa fremu iliyozuiwa. Ziko ukingoni mwa kipimo hicho, kwa hiyo zisitobolewe milango, na misingi yake ikokotolewe kwa kupinduka. Hapo utaandika 0.79 kwenye daftari, au 0.88 ukibaki na shaka juu ya udongo, na vyote viwili vinaiacha nguzo ikiwa fupi.