Macho ya wenzake

“Mwanangu akiwa peke yake kwenye pikipiki ni mtulivu, akiwa na wenzake anageuka kichaa. Kwa nini?”

Mama, hatari anaijua. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Temple, Marekani, waliwapima vijana ubongo wakicheza mchezo wa kuendesha gari. Marafiki walikaa chumba kingine, wakiwatazama kwenye skrini. Wakitazamwa, vijana walizidi kupita taa bila kusimama, na sehemu ya ubongo inayofuata raha ya kupata kitu ikachangamka. Kwa watu wazima haikuwa hivyo. Hapa Mikindani wavulana hujirusha baharini maji yamekupwa, wala hakuna aliyesema “ruka” (kovu langu la goti lilitokana na hayo). Pikipiki mpe, ila asimpakie rafiki.