Kazi ya Mwajiriwa: Hakimiliki ni ya Nani, na Muda Wake Unahesabiwa kwa Umri wa Nani?

"Nimeajiriwa kuandaa mafunzo ya wafanyakazi. Mwongozo nimeuandika sura nyingine ofisini, nyingine nyumbani usiku kwa kompyuta yangu. Ni wangu au wa kampuni? Na hakimiliki yake inaisha lini?"

Hayo ni maswali mawili, na makosa mengi huanzia pale watu wanapodhani jibu la la kwanza linatosha kujibu la pili. Umiliki unaweza kuhamia kwa mwajiri siku ileile kazi inapoandikwa, ilhali miaka ya ulinzi ikaendelea kuhesabiwa kwa uhai wa mfanyakazi, hata akiwa ameshaacha kazi zamani.

Tuanze na umiliki. Katika nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza, kazi iliyotungwa na mwajiriwa katika utekelezaji wa ajira yake ni ya mwajiri, isipokuwa wawili hao wawe wamekubaliana vinginevyo. Uingereza imeliweka hilo katika kifungu cha 11 cha sheria yake ya mwaka 1988. Kenya, katika kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001, inasema haki inahesabiwa kuwa imehamishiwa kwa mwajiri, na inampa nafasi hiyohiyo hata mtu wa nje aliyeagiza kazi, kama hakuna makubaliano ya kuzuia au kupunguza uhamisho huo. Hapo ndipo wengi huteleza wakivuka mpaka: nchini Uingereza kumlipa mchoraji au mwandishi wa kujitegemea hakukupi hakimiliki. Unahitaji hati ya uhamisho iliyosainiwa naye. Bila hati hiyo, risiti ya malipo kwa kawaida inakupa ruhusa ya kuitumia kazi kwa lengo mliloliafiki, basi.

Mzozo wote uko katika maneno "utekelezaji wa ajira". Watu hukimbilia kuuliza kompyuta ilikuwa ya nani na saa zilikuwa za nani. Mahakama huuliza kwanza jambo jingine: je, hii ndiyo kazi uliyoajiriwa kuifanya?

Kesi inayoonyesha hilo vizuri ni ya mwaka 1952 nchini Uingereza, Stevenson, Jordan & Harrison dhidi ya MacDonald & Evans. Mhasibu mmoja alikuwa ameajiriwa na kampuni ya ushauri wa uendeshaji wa biashara. Wakati wa ajira alitoa mihadhara ya hadhara, na kampuni ikamlipia gharama zake. Baadaye mihadhara hiyo ikaingia katika kitabu, pamoja na sehemu aliyoiandika alipokuwa katika kazi ya mteja aliyotumwa na kampuni. Mahakama ya Rufaa ilikigawa kitabu. Mihadhara ilikuwa yake, kwa sababu hakuna aliyeweza kumwamuru aitoe. Iliisaidia kampuni, lakini haikuwa sehemu ya majukumu aliyoajiriwa kuyatimiza. Sehemu ya mteja ilikuwa ya kampuni. Jalada moja, wamiliki wawili.

Mwaka 2021 mahakama nyingine ya Uingereza ilikutana na hali iliyo kinyume, katika kesi ya Penhallurick dhidi ya MD5. Mtaalamu wa uchunguzi wa kompyuta aliandika programu, kwa kiasi kikubwa nyumbani, nje ya saa za kazi, kwa vifaa vyake. Alishindwa. Kuiandika programu ile kulikuwa ndani kabisa ya jukumu alilopewa na mwajiri, na meza ya nyumbani haikulibadilisha hilo.

Kwa hiyo muulizaji wetu, ambaye kuandaa mafunzo ndiyo ajira yake, hana hoja nzuri juu ya zile sura za usiku. Angekuwa na hoja kama angekuwa mhasibu wa kampuni hiyo aliyejitolea kuandika mwongozo bila kuagizwa. Saa na vifaa si bure: pale majukumu yasipoeleweka, vinaweza kuisukuma mizani. Lakini peke yake havimwokoi mtu.

Je, kanuni hii ni ya haki? Upande wa mwajiri una hoja nzito kuliko watunzi wengi wanavyopenda kukiri. Mwongozo mmoja unaweza kupita mikononi mwa waandishi watano, wahariri wawili na mchoraji, na nusu yao watakuwa wameondoka baada ya miaka michache. Kila mmoja akibaki na kipande chake, kampuni haiwezi kutoa toleo la pili bila kuwasaka wote, au warithi wao. Tena mwajiri amelipa mshahara hata kwa rasimu zilizotupwa.

Upande wa mtunzi nao unasema mshahara ni malipo ya kazi, na haupaswi kununua kila matumizi yatakayobuniwa baadaye. Anayeandika mafunzo ya ndani hakukubaliana bei ya kitabu kitakachouzwa madukani kwa miaka hamsini. Na siku ya kusaini ajira, nguvu za wawili hao hazilingani.

Ujerumani imejaribu njia ya kati. Huko hakimiliki yenyewe haiwezi kuuzwa. Inabaki kwa mtunzi mpaka afe, kisha inarithiwa. Mwajiri anapata haki za kutumia, kwa kiwango ambacho kusudi la ajira linahitaji, na matumizi yakizaa faida isiyolingana kabisa na alicholipwa mtunzi, sheria inamfungulia mlango wa kudai nyongeza. Njia hiyo ina gharama yake: "kusudi la ajira" linaweza kugombaniwa miaka mingi. Na kwa programu za kompyuta hata Ujerumani haiitumii. Sheria za Umoja wa Ulaya zinampa mwajiri haki zote za kiuchumi za programu iliyoandikwa na mwajiriwa katika majukumu yake au kwa maelekezo ya mwajiri, mkataba usiposema tofauti. Kwa maoni yangu hilo linaonyesha kiini cha ugomvi: kadiri kazi inavyokuwa ya mikono mingi na ya kurekebishwa kila mwezi, ndivyo hoja ya mwajiri inavyopata nguvu, kadiri inavyobeba sauti ya mtu mmoja, inapungua.

Sasa muda, ambao mikataba karibu yote huunyamazia. Tuseme mwandishi wetu alizaliwa 1990, akauandika mwongozo 2025 kama mwajiriwa, ukachapishwa 2026, na akafariki 2070.

Uingereza mwajiri ndiye mmiliki wa kwanza, lakini mtunzi kisheria anabaki kuwa yule mtu aliyeandika, na ulinzi ni uhai wake na miaka 70 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Hakimiliki ya kampuni inaisha 31 Desemba 2140. Kenya hesabu ni ileile ila kwa miaka 50, kwa hiyo 31 Desemba 2120. Marekani inakata kamba kabisa: mwajiri anahesabiwa kuwa ndiye mtunzi, na kwa kuwa kampuni haifi, sheria inatumia miaka 95 tangu kuchapishwa au 120 tangu kuandikwa, itakayotangulia kufika. 2026 na 95 ni 2121. 2025 na 120 ni 2145. Inachukuliwa ya kwanza: mwisho wa 2121. Mwongozo huohuo usingechapishwa kamwe, ungelindwa mpaka mwisho wa 2145.

Badilisha jambo moja tu: mwandishi afariki 2030. Uingereza kampuni inabaki na haki mpaka 2100, Kenya mpaka 2080, Marekani bado 2121. Ni ajabu kidogo kwamba thamani ya mali ya kampuni inategemea afya ya mtu ambaye huenda aliacha kazi hapo mwaka wa pili. Mfumo wa Marekani umeliondoa hilo, na yeyote anaweza kupiga hesabu kwa tarehe mbili bila kutafuta cheti cha kifo. Ila bei yake inalipwa na mwajiriwa. Kwa kuwa sheria haimtambui kama mtunzi, anakosa pia nafasi ambayo mtunzi aliyeuza haki zake mwenyewe anaipata huko, ya kuzidai zirudi baada ya miaka 35.

Katika mifumo inayohesabu kwa uhai kuna hatari ambayo kampuni huigundua kwa kuchelewa. Kazi ikitoka bila jina la mwandishi, na uchunguzi wa kawaida usiweze kumjua aliyeiandika, nchini Uingereza inahesabiwa kama kazi ya mtunzi asiyejulikana: miaka 70 tangu ilipotolewa kwa umma. Mwongozo wetu wa 2026 ungeisha 2096 badala ya 2140. Kampuni imepoteza miaka 44 kwa sababu ya faili la watumishi lililotupwa. Mtunzi akijulikana kabla muda huo haujaisha, hesabu inarudi kwenye uhai wake, lakini ni nani atakayemthibitisha miaka 60 baadaye? Waandishi wakiwa wawili na sehemu zao hazitenganishiki, hesabu inaanza kwa yule wa mwisho kufariki, kwa hiyo kumwacha mmoja nje ya kumbukumbu kunaweza kufupisha ulinzi au kuufanya usihesabike.

Kwa muulizaji, kazi ya maana iko katika karatasi tatu. Ya kwanza ni maelezo ya majukumu. Akipewa jukumu jipya la kuandika, liandikwe na liwe na tarehe, maana mahakama itauliza alikuwa na kazi gani mwaka ule, si siku alipoajiriwa. Ya pili ni orodha ya kazi anazokuja nazo au anazofanya pembeni, iambatishwe kwenye mkataba kabla ya kusaini. Kifungu kinachosema "kila atakachobuni wakati wa ajira ni cha mwajiri" kinaweza kumeza hata riwaya yake. Kikatwe kiwe "atakachobuni katika majukumu yake", na akitaka malipo ya ziada mwongozo ukiuzwa nje ya kampuni, asilimia itajwe hapohapo.

Ya tatu ni ya kampuni zaidi: kwa kila kazi, majina kamili ya walioiandika, mwaka wa kuzaliwa wa kila mmoja, mwaka wa kuandikwa na mwaka wa kuchapishwa. Toleo la pili liandikiwe ukurasa wake, kwa kuwa nyongeza zake zina muda wake wenyewe na huenda zina mwandishi mwingine. Sura ya nne iliyoandikwa upya na mtu mwingine mwaka 2035 itaendelea kulindwa kwa uhai wa huyo mwingine, hata sura ya tatu ikiwa imeshakuwa mali ya umma.