Kitufe cha "Mbele" kilichogoma kwenye simu ya mteja

Fundi mmoja wa samani hapa Moshi, mwenye karakana maeneo ya Majengo, aliniletea kazi ya katalogi: kurasa 44 za vitanda, meza, makabati na viti. Hakutaka kuichapisha. Alitaka PDF ya kuwatumia wateja kwa WhatsApp, wengi wao wenye nyumba za wageni kule Marangu na Karatu. "Mangi," akaniambia, "weka vile vidude vya kubonyeza, mtu aende mbele, arudi, afike kwenye orodha."

Nikaviweka. InDesign ina paneli inaitwa Buttons and Forms. Unachora kitufe mara moja kwenye ukurasa mama, unakipa kitendo cha Go To Next Page, na kinajitokeza kwenye kurasa zote 44. Nikatoa faili kwa Adobe PDF (Interactive), nikaifungua kwa Adobe kwenye kompyuta yangu, ikateleza kama siagi. Siku mbili baadaye mteja wa Karatu akampigia fundi: "Kaka, nabonyeza hapa kwenye mshale, hapaendi." Nikaifungua kwenye simu yangu. Kweli, hapaendi.

Tangu siku hiyo nina msimamo ambao wabunifu wenzangu wananibishia: katalogi inayokwenda kwa watu usiiwekee vitufe. Iwekee viungo vilivyovikwa sura ya vitufe.

Kwa macho ni kitu kimoja, ila ndani ya faili ni vitu viwili. Kitufe cha InDesign kinaingia kwenye PDF kama sehemu ya fomu, jamaa ya kile kisanduku cha kujazia jina, na jina lake mle ndani ni Widget. Kiungo cha kawaida kinaitwa Link, nacho hubeba maelekezo ya moja kwa moja: nenda ukurasa fulani. Adobe inavielewa vyote viwili. Ila mteja hachagui Adobe. Anagusa faili kwenye WhatsApp, na inafunguka kwa programu yoyote iliyomo kwenye simu yake. Baadhi ya programu hizo huchora kitufe cha fomu vizuri kabisa, halafu ukikigusa hazifanyi kitu. Hapo ndipo tatizo lilipo: kitufe kilichokufa kinafanana na kilicho hai.

Kujua faili lako limebeba nini si kazi ngumu. Programu ya bure ya `qpdf` inalifungua liwe maandishi, kisha unahesabu:

```
qpdf --qdf --object-streams=disable katalogi.pdf wazi.pdf
grep -a -c "/Subtype /Widget" wazi.pdf
grep -a -c "/Subtype /Link" wazi.pdf
```

Widget zikija nyingi na Link kidogo, usiitume.

Viungo vina ugumu wake. "Ukurasa unaofuata" si mahali pamoja: kwenye ukurasa wa 7 ni wa 8, kwenye wa 8 ni wa 9. Kwa hiyo huwezi kukiweka kwenye ukurasa mama kikatosha. "Yaliyomo" ndiyo unaweza, maana daima ni ukurasa wa 2. Kutengeneza viungo vya mshale kimoja kimoja kwa mkono ni adhabu, na katikati utakosea tu. Mimi nachora mishale na neno "Yaliyomo" kama picha tupu isiyofanya kitu, natoa PDF, kisha hati fupi ya Python yenye maktaba ya PyMuPDF inabandika viungo juu yake:

```python
import fitz
d = fitz.open("safi.pdf")
for i in range(len(d)):
    for x, lengo in [(0, i-1), (180, 1), (360, i+1)]:
        if 0 <= lengo < len(d) and lengo != i:
            d[i].insert_link({"kind": fitz.LINK_GOTO,
                "from": fitz.Rect(x, 888, x+180, 960),
                "page": lengo})
d.save("katalogi.pdf")
```

Python huhesabu kurasa kuanzia 0, ndiyo maana Yaliyomo, ukurasa wa 2, hapa ni 1. Ule mstari wa `if` unazuia jalada lisipewe mshale wa kurudi, ukurasa wa mwisho usipewe wa kwenda, na Yaliyomo isijielekeze yenyewe. Kwa kurasa 44 vinatoka viungo 43 vya kurudi, 43 vya kwenda mbele na 43 vya Yaliyomo: jumla 129. Ongeza vinne nilivyoviweka mwenyewe kwenye picha za mafungu ndani ya Yaliyomo, na `grep` inapaswa kusema 133. Ikisema pungufu, kuna mahali pamekosekana.

Hizo namba 180 na 888 sikuzitoa hewani. Mwanzoni ukurasa ulikuwa wa kulala, pointi 960 kwa 540, kama slaidi. Upana huo ni milimita 339. Ukiubana kwenye simu iliyosimama yenye kioo cha milimita 68 hivi, kila kitu kinabaki moja ya tano. Kitufe changu cha pointi 40, kilichoonekana kinono kwenye kompyuta, kilishuka hadi chini ya milimita 3. Kidole gumba gani kitakipata hicho? Nikausimamisha ukurasa: 540 kwa 960. Sasa ukanda wa chini wa pointi 72 unafika kwenye simu ukiwa na milimita 9, na upana umegawanywa sehemu tatu za pointi 180. Fundi alinung'unika kwamba vitanda havionekani virefu tena. Ni kweli, kwenye kompyuta ukurasa wa kusimama unapoteza nafasi nyingi pembeni. Lakini wateja wake wako kwenye simu.

Jambo jingine ni lile neno "Nyuma". Mimi nilikuwa na maana ya ukurasa uliotangulia, mteja anaelewa "nirudishe nilipokuwa". Akitoka Yaliyomo akaruka hadi ukurasa wa 27, kisha akabonyeza Nyuma na kujikuta wa 26 kwenye meza asizozitaka, anaona faili bovu. Kitendo cha kurudi ulikotoka kipo, Go To Previous View, ila hicho nacho ni cha kitufe cha fomu, kwa hiyo tumerudi palepale. Nikaliondoa neno. Mshale sasa una namba chini yake, "Uk. 26", na hakuna wa kudanganyika. Kusema kweli, mishale kwenye simu haina kazi kubwa, watu wanatelezesha kidole tu. Ningelazimishwa kubakiza kimoja, ningebakiza Yaliyomo.

Gharama ya njia hii inaonekana siku ya kuongeza bidhaa. Ukichomeka ukurasa mpya katikati ya faili lililokwisha kubandikwa, viungo vya zamani vinashikilia kurasa zao zilezile, hivyo mshale wa mbele unaurukia ukurasa mpya kana kwamba haupo. Na ukiendesha hati mara ya pili juu ya faili hilohilo, viungo vinarundikana vya zamani na vipya. Ndiyo sababu naitunza `safi.pdf` pembeni, isiyo na hata mshale mmoja unaofanya kazi. Wiki iliyopita fundi kaniletea vitanda viwili vya mninga. Nimeviingiza kwenye InDesign, nikatoa safi mpya ya kurasa 46, nikaendesha hati. `grep` ikasema 139.