Mifuko iliyokufa haimo kwenye tangazo

"Kati ya mifuko yetu 9 ya hisa, 7 imeushinda wastani wa kundi lake kwa miaka 10." Kampuni za mifuko ya uwekezaji za Marekani hupenda kujinadi kwa sentensi ya namna hii, na huenda kila tarakimu iliyomo ikawa sahihi. Shida iko kwenye ile 9. Ni idadi ya mifuko iliyopo leo yenye rekodi ya miaka 10. Haituambii mifuko ilikuwa mingapi wakati miaka hiyo inaanza.

Mfuko unaofanya vibaya haufi kwa kishindo. Aghalabu bodi yake huamua uunganishwe na mwingine wa kampuni hiyohiyo, wenye rekodi inayovutia zaidi. Wenye vipande, yaani sehemu za umiliki wa mfuko, hupewa vipande vya mfuko mpya kwa thamani ya siku hiyo, na rekodi inayoendelea kutangazwa kwa kawaida ni ya mfuko uliowapokea. Waliopata faida kiduchu wanabaki nayo kwenye akaunti zao, ila kwenye jedwali la kampuni miaka yao haionekani tena. Wataalamu huuita upotofu huu upendeleo wa walionusurika.

Ukubwa wake unaonekana vizuri kwenye uchambuzi wa Vanguard, kampuni ya mifuko ya Marekani, uliofuatilia mifuko 1,540 ya hisa za Marekani ambayo mameneja huchagua hisa wenyewe, kwa miaka 15 hadi mwisho wa 2012. Iliyokuwa hai mwishoni ni asilimia 55 tu. Iliyokuwa hai na pia kukishinda kigezo chake, yaani kipimo cha soko inacholinganishwa nacho, ni asilimia 18. Sasa gawanya: 18 kwa 55 ni karibu theluthi moja. Anayehesabu mifuko iliyopo atasema theluthi imeshinda. Anayehesabu yote iliyouzwa mwanzoni atasema haikufika hata moja kati ya tano. Vanguard yenyewe inajulikana zaidi kwa kuuza mifuko inayofuata fahirisi, yaani inayonunua tu hisa zilizo kwenye kipimo cha soko bila meneja kuchagua, kwa hiyo matokeo hayo yanainufaisha, lakini hesabu haibadiliki kwa sababu hiyo.

Kwa mwekezaji mmoja tofauti hiyo ni kiasi gani? Chukua mfano wa kubuni. Mifuko 10 inaanza pamoja, kila mmoja ukiwekewa dola 1,000. Sita inakua kwa asilimia 9 kwa mwaka kwa miaka 10, na kila mmoja unafikia dola 2,367. Minne inakua kwa asilimia 2 tu, na baada ya miaka 5 inaunganishwa na ile sita. Hata tukiwapa wenye vipande wa ile minne asilimia 9 kamili kwa miaka 5 iliyobaki, kila mmoja anaishia na dola 1,699. Wastani wa wote 10 ni dola 2,100, yaani asilimia 7.7 kwa mwaka. Tangazo litasema 9.

Kampuni zina utetezi, na sehemu yake ina uzito. Kwanza, tangazo la mfuko mmoja mmoja limebanwa: kanuni za SEC, mdhibiti wa masoko ya mitaji ya Marekani, zinadai lionyeshe faida ya mwaka 1, miaka 5 na 10 baada ya ada za mfuko, kwa hiyo hakuna nafasi ya kuchagua miaka mizuri tu. Pili, kufunga mfuko mbovu kunamsaidia mteja kuliko kuuacha uendelee kumla ada. Tatu, mifuko mingine hufungwa kwa sababu ni midogo mno kubeba gharama zake, si kwa kuwa meneja kashindwa.

Hoja ya nne ndiyo siikubali: kwamba mnunuzi wa leo hawezi kununua mfuko uliokufa, hivyo haumhusu. Unamhusu, maana katika ile 9 anayoonyeshwa leo hajui ni ipi itakayounganishwa baada ya miaka 5. Hatari aliyoibeba mnunuzi wa miaka 10 iliyopita ndiyo anayoibeba yeye sasa.

Kwa hiyo rekodi ya mfuko mmoja isomwe kama rekodi ya mfuko huo tu. Madai kuhusu "mifuko yetu" ndiyo ya kukaguliwa. Anza na maandishi madogo chini ya tangazo: yakisema hesabu inajumuisha mifuko yenye historia ya miaka 10 pekee, wafu wameshaondolewa. Kisha ingia EDGAR, hifadhi ya SEC iliyo wazi kwa wote, utafute fomu N-14 za kampuni hiyo. Ndiyo fomu inayowasilishwa mifuko inapounganishwa, nayo hutaja uliofungwa na uliopokea. Ukitaka picha ya soko zima, ripoti za SPIVA za S&P, kampuni inayotengeneza fahirisi, huanzia orodha ya mifuko iliyokuwepo mwanzoni mwa kipindi, na huonyesha pia asilimia iliyonusurika. Kwa mifuko inayofuata fahirisi pana pengo hili huwa dogo, kwa kuwa matokeo yake hayaachani sana. Kufungwa kwa mmoja hakusogezi wastani kwa kiasi cha kutisha.